Kwa nini INDIRECT inaligandisha faili la maduka 24

*"Habari za kazi. Mimi ni mhasibu wa msambazaji wa vinywaji hapa Morogoro. Nina faili la Excel lenye shiti 24, kila duka na shiti yake (Ifakara, Kidatu, Mikumi, Mang'ula na kadhalika), na shiti ya Muhtasari inayovuta mauzo ya bidhaa 35 za kila duka kwa kila mwezi. Jina la duka liko safu A, bidhaa safu B, miezi inaanzia C4, ambako nimeweka =DATE(YEAR(TODAY()),1,1). Nilitumia INDIRECT nisije nikaandika fomula za kila duka kwa mkono. Sasa nikiandika namba moja tu, popote pale, kompyuta inaganda sekunde 7 au 8. Na Mang'ula inanipa #REF! wakati shiti ipo. Nimeongeza RAM, haikusaidia kitu. Tatizo ni nini? Fomula yenyewe ya C5 ni hii:"*

```
=SUMIFS(INDIRECT("'"&$A5&"'!D2:D5001"),
 INDIRECT("'"&$A5&"'!B2:B5001"),$B5,
 INDIRECT("'"&$A5&"'!A2:A5001"),">="&C$4,
 INDIRECT("'"&$A5&"'!A2:A5001"),"<"&EDATE(C$4,1))
```

Nianze na Mang'ula, ndugu yangu. Ni tatizo dogo, lakini ukilielewa hilo utakuwa umeielewa INDIRECT yenyewe, na mengine yote yatafuata.

INDIRECT inapokea maandishi na kuyageuza kuwa anwani. Ukiipa maneno `Kidatu!D2`, inakwenda kwenye shiti ya Kidatu, seli D2, na kukuletea kilichomo. Kazi ya alama za & kwenye fomula yako ni kuyaunda maneno hayo herufi kwa herufi, vilevile kama Excel yenyewe ingeyaandika. Na Excel ina kanuni yake: jina la shiti likiwa na nafasi au kistari ndani yake, au likianza na tarakimu, lazima lizungushiwe ritifaa, mfano `'Morogoro Mjini'!D2`. Jina la neno moja kama Kidatu halihitaji ritifaa, ila likiwekewa halidhuriki. Kwa hiyo ulifanya vizuri kuziweka kwa maduka yote.

Sasa tazama kinachotokea kwa Mang'ula. Maandishi yanayoundwa ni `'Mang'ula'!D2`. Excel inakutana na ritifaa ya kwanza, inaelewa kwamba jina linaanza. Inasoma M, a, n, g, kisha inakutana na ritifaa nyingine na kuamini kwamba jina limeishia hapo. Yanayobaki, yaani `ula'!D2`, hayana maana kwake, hivyo inatoa #REF!. Kanuni ni kwamba ritifaa iliyo sehemu ya jina huandikwa mara mbili: `'Mang''ula'!D2`. Sisi wenye Mang'ula, Chang'ombe, Ng'ambo na Ng'apa tunakumbana na jambo hili mara nyingi, na maelezo mengi ya INDIRECT hayaligusi kabisa. Dawa yake ni kuiambia fomula iirudufu ritifaa yoyote itakayokutana nayo ndani ya jina:

```
"'"&SUBSTITUTE($A5,"'","''")&"'!D2:D5001"
```

Kwa majina yasiyo na ritifaa, SUBSTITUTE haibadilishi kitu, kwa hiyo sehemu hiyo inafaa kwa maduka yote 24.

Ukishaweka hiyo na Mang'ula bado inakataa, angalia ritifaa yenyewe. Orodha ya maduka ikitoka kwenye Word, ritifaa iliyonyooka (') mara nyingi imeshageuzwa kuwa iliyopinda (’), na kwa Excel hizo ni herufi mbili tofauti. Kwenye seli unaona Mang’ula, kwenye kichupo cha shiti unaona Mang'ula, jicho linapita lakini Excel haipiti. Jambo jingine la kuangalia ni nafasi iliyoachwa mwishoni mwa jina, ama kwenye seli ama kwenye kichupo. Andika `=LEN(A5)` pembeni. Kidatu ina herufi 6, na ukipata 7 umempata mchawi wako.

Sasa tuje kwenye kuganda.

Excel haikokotoi faili zima kila unapobonyeza Enter, na hiyo ndiyo sababu mafaili yenye fomula maelfu kwa maelfu yanaweza kwenda kasi. Unapoandika fomula kama `=Kidatu!D2*2`, Excel inaisoma na kuweka kumbukumbu ndani yake kwamba seli hii inaitegemea Kidatu D2. Inafanya hivyo kwa kila fomula, na mwisho inakuwa na ramani kamili ya nani anamtegemea nani. Siku D2 ikibadilika, Excel inaifuata ramani, inazitia alama seli zinazoitegemea hiyo D2 na zinazozitegemea hizo, inazikokotoa upya, basi. Nyingine zote zinabaki na majibu yao ya zamani, kwa kuwa bado ni sahihi.

INDIRECT inaivunja ramani hiyo. Excel ikiisoma fomula yako ya C5, inachoona ni kwamba inategemea A5, B5 na C4. Haioni Kidatu wala Ifakara, kwa sababu majina hayo hayamo ndani ya fomula. Yanazaliwa pale tu fomula inapokokotolewa. Bonyeza Trace Precedents kwenye seli hiyo na utaliona hili kwa macho: mishale inatoka kwenye seli za Muhtasari tu, hakuna hata mmoja unaotoka kwenye shiti ya duka.

Mfikirie mwenye duka la jumla mwenye daftari la wateja wa kupigiwa simu. Mmoja ameandikisha mchele, mwingine ameandikisha sukari. Mchele ukiingia, anawapigia wa mchele tu. Halafu anakuja mteja mmoja anamwambia, "Nijulishe kikiingia kile nitakachokuwa nakihitaji siku hiyo." Mwenye duka hawezi kukijua, kwa hiyo ili asimkosee, itambidi ampigie kwa kila kitu kinachoingia, hata kiberiti. INDIRECT ndiye mteja huyo. Excel haiwezi kujua mabadiliko yapi yanaihusu, hivyo kwa usalama wa majibu yako inaikokotoa kila mara, liwalo na liwe.

Fomula za namna hii mimi naziita fomula zisizotulia. Si nyingi: INDIRECT, OFFSET, NOW, TODAY, RAND na RANDBETWEEN ndizo utakazokutana nazo zaidi, na CELL na INFO katika baadhi ya matumizi yake. Zote zinakokotolewa kila Excel inapofanya hesabu yoyote ile. Umeandika namba kwenye shiti ya Mikumi, zinakokotolewa. Umefuta mstari au umechuja orodha, zinakokotolewa. Hata ukiandika kwenye faili jingine kabisa lililo wazi wakati huohuo, zinakokotolewa, kwa sababu hesabu ya Excel inahusu mafaili yote yaliyofunguliwa pamoja.

Tuhesabu sasa kwa faili lako. Maduka 24 mara bidhaa 35 ni mistari 840 ya Muhtasari. Kila mstari una miezi 12, kwa hiyo una fomula 10,080. Kila fomula ina INDIRECT 4, jumla 40,320. Na kila fomula inapekua orodha ya mistari 5,000 ya duka. Zidisha 10,080 kwa 5,000 upate mistari 50,400,000 inayopaswa kupekuliwa, na hapo nimehesabu upekuzi mmoja tu, wakati wewe una masharti matatu. Kazi yote hiyo inafanyika upya kwa sababu umesahihisha kreti moja ya soda ya Kidatu.

Hapo pia ndipo penye jibu la RAM. Kumbukumbu haikuwa imejaa. Kinachochoka ni kichakataji, na tena si chote. Tangu toleo la 2007 Excel inaweza kuigawa hesabu kwa viini kadhaa vya kichakataji kwa pamoja, lakini INDIRECT ni mojawapo ya fomula chache zisizoruhusu mgawanyo huo. Kompyuta yako ikiwa na viini 8, kazi hii inasubiri kiini kimoja.

Kuna jambo jingine ambalo ningeomba ulitazame kwa makini, na nashukuru umeliandika mwenyewe. Ni C4 yako. TODAY nayo haitulii, na kutotulia kunaambukiza: seli yoyote inayoisoma seli isiyotulia inakokotolewa pamoja nayo. C4 ina TODAY. D4 bila shaka inaisoma C4 ili kupata Februari, E4 inaisoma D4, na kuendelea hadi Desemba. Fomula zako zote 10,080 zinausoma mmojawapo wa vichwa hivyo. Excel haisubiri kuona kama TODAY imetoa jibu jipya. Tarehe ni ileile tangu asubuhi, lakini kila unapobonyeza Enter inatiwa alama upya, na zote zinazoitegemea zinatiwa alama nyuma yake. Maana yake ni kwamba hata ungeziondoa INDIRECT zote 40,320 leo, ukaiacha TODAY moja pale juu, fomula zote zingeendelea kukokotolewa kila mara. Nimeona watu wakihangaika siku nzima kusafisha fomula, wakakata tamaa kwa sababu ya seli moja kama hiyo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ni kuifuta fomula ya C4 na kuandika tarehe 1 Januari ya mwaka unaoushughulikia kwa mkono. D4 iwe `=EDATE(C4,1)`, kisha iburute kulia. Mwaka ukibadilika utagusa seli moja mara moja kwa mwaka. Isitoshe, utakuwa umeepuka balaa nyingine: kwa fomula uliyokuwa nayo, ukilifungua Januari faili la mwaka uliopita, vichwa vyote vinahamia mwaka mpya na mauzo yote yanasoma sifuri.

Kabla hujagusa kingine, fanya kipimo hiki ili uwe na cha kulinganisha baadaye. Bonyeza F9 na usubiri imalize. Usibadilishe kitu, bonyeza F9 tena. Faili lenye afya halina la kufanya mara ya pili, kwa hiyo linajibu papo hapo. Lako litaganda tena sekunde zilezile, na huo ni uthibitisho kwamba kuna fomula zisizotulia ndani yake. Dalili nyingine ni pale unapolifungua faili, ukalitazama tu bila kuandika, na wakati wa kulifunga Excel inakuuliza kama unataka kuhifadhi mabadiliko. Ukitaka kujua ziko wapi, bonyeza Ctrl+F, andika `INDIRECT(`, kwenye Within chagua Workbook, kwenye Look in chagua Formulas, kisha Find All. Chini ya dirisha itaonekana idadi ya seli. Rudia kwa `OFFSET(`, `TODAY(` na `NOW(`.

Ulichokiogopa tangu mwanzo, na ulikuwa na haki, ni kuandika fomula za maduka 24 kwa mkono. Lakini maandishi yanaweza kutengeneza anwani bila INDIRECT kubaki ndani ya faili. Badala ya kuyaunda maneno na kuyapa INDIRECT iyageuze kila dakika, unaiunda fomula nzima kama maneno, unayageuza maneno hayo kuwa fomula halisi mara moja tu, kisha unaitupa mitambo iliyoyaunda. Nakueleza hatua zake kwa faili lako lenyewe.

Hifadhi nakala ya faili kwanza. Katika nakala ya kazi, rekebisha Mang'ula kama nilivyoonyesha, halafu pembeni andika `=SUM(C5:N844)` na unakili jibu lake kwenye karatasi. Utalihitaji mwishoni.

Kwenye O5, unda kipande cha jina la shiti, na kwenye Q5 jaribu kama shiti hiyo ipo kweli:

```
="'"&SUBSTITUTE(A5,"'","''")&"'!"
=ISREF(INDIRECT(O5&"A1"))
```

Buruta zote mbili hadi mstari wa 844. Kila mahali Q inapaswa kusema TRUE. Palipo na FALSE pana jina lisilolingana na kichupo, nawe ulisahihishe sasa hivi. Ndiyo, hii nayo ni INDIRECT, lakini itaishi dakika kumi tu.

Kwenye P5 ndipo inapoundwa fomula yenyewe kama maandishi:

```
="=SUMIFS("&O5&"$D$2:$D$5001,"
&O5&"$B$2:$B$5001,$B"&ROW()&","
&O5&"$A$2:$A$5001,"">=""&C$4,"
&O5&"$A$2:$A$5001,""<""&EDATE(C$4,1))"
```

Kuna mambo mawili ya kutazama kwa karibu hapa. Alama za nukuu zinazopaswa kubaki ndani ya fomula ya mwisho, kama zile zinazozunguka `>=`, zimeandikwa mara mbili, kwa sababu ileile ya ritifaa ya Mang'ula: alama inayofunga maandishi ikitakiwa iwemo ndani yake, inarudufiwa. Na namba ya mstari haikuandikwa kwa mkono, bali inatoka kwenye `ROW()`, ili mstari wa 5 upate `$B5` na wa 6 upate `$B6`. Anwani `C$4` nimeiacha bila alama ya dola mbele ya C kwa makusudi. Utaona faida yake punde.

Buruta P5 hadi P844. Zifute fomula za zamani kutoka C5 hadi N844, hakikisha seli hizo ziko kwenye muundo wa General na si Text, kisha nakili P5:P844 na ubandike kwenye C5 kwa Paste Special, Values. Sasa safu C imejaa maneno yanayoanza na alama ya sawasawa, lakini hayakokotoi chochote, kwa kuwa Excel bado inayachukulia kama maandishi. Chagua C5:C844, bonyeza Ctrl+H, kwenye Find what andika `=`, kwenye Replace with andika `=` hiyohiyo, kisha Replace All. Inaonekana kama kazi bure, kubadilisha kitu kwa kitu hichohicho, lakini Excel ikibadilisha yaliyomo kwenye seli inayaandika upya kana kwamba umeyachapa wewe na kubonyeza Enter, na hapo ndipo maneno yanapogeuka kuwa fomula. Katikati ya kazi hiyo likitokea dirisha la Update Values linalokutaka uchague faili, maana yake kuna shiti iliyotajwa isiyokuwepo. Bonyeza Esc, urudi kwenye safu Q.

Sasa chagua C5:C844 na uburute kulia hadi N. Kwa kuwa `C$4` haikufungwa kwa dola, kwenye safu D inakuwa `D$4` yenyewe, na kadhalika hadi Desemba. Ndiyo maana ulihitaji kuunda maandishi ya safu moja tu. Linganisha `=SUM(C5:N844)` na ile namba uliyoinakili. Zikilingana hadi senti ya mwisho, zifute safu O, P na Q.

Rudia kipimo cha F9 mara mbili. Mara ya pili haipaswi kuchukua muda wowote. Na ukiandika mauzo mapya kwenye shiti ya Kidatu, Excel itafuata ramani na kukokotoa fomula zinazoitegemea Kidatu peke yake, bidhaa 35 mara miezi 12, yaani fomula 420 badala ya 10,080. Hizo 420 nazo sasa zinaweza kugawanywa kwa viini vyote vya kichakataji. Ukiandika kwenye shiti isiyosomwa na yeyote, hakuna kinachokokotolewa kabisa.

Kuna faida nyingine utakayoiona taratibu. Siku ukiingiza safu mpya kabla ya D kwenye shiti ya Ifakara, fomula halisi zinasogea zenyewe na kusoma E. INDIRECT isingesogea, kwa sababu `D2:D5001` ndani yake ni maneno tu, na Excel haigusi maneno. Ingeendelea kusoma D, ambayo sasa ni kitu kingine, na isingekupa kosa lolote. Ingekupa namba isiyo sahihi kwa sura ya namba sahihi, na kwa mhasibu hilo ni baya kuliko #REF!.

Lakini sikwambii uitupe INDIRECT. Mahali pake ni kwenye ukurasa wa kutazama duka moja, ambapo bosi anachagua jina la duka kwenye orodha ndani ya seli B1 na mauzo ya duka hilo yanaonekana. Hapo shiti inayosomwa inabadilika kwa matakwa ya mtu, na seli ni makumi tu, hivyo gharama yake hutaihisi. Mimi nikiona zimezidi mia chache, nikaona pia kila moja inapekua orodha ndefu, naanza kutafuta njia nyingine. Kwa shiti chache, `CHOOSE` inafanya kazi hiyo kwa utulivu, kwa kuwa kila shiti imetajwa waziwazi ndani ya fomula na inaingia kwenye ramani:

```
=SUM(CHOOSE($B$1,Ifakara!D2:D5001,
 Kidatu!D2:D5001,Mikumi!D2:D5001))
```

Hapa B1 ina namba ya duka, 1 hadi 3. Kwa maduka 24 inakuwa ndefu kupita kiasi, na hapo INDIRECT moja ni afadhali.

Watu watakushauri uende Formulas, Calculation Options, uchague Manual, Excel isikokotoe mpaka ubonyeze F9. Nakuomba usiishi hivyo. Niliwahi kutuma ripoti ya mauzo ya mwezi ikiwa na jumla za wiki iliyotangulia. Faili langu lilikuwa Automatic siku zote, lakini asubuhi ile nilikuwa nimefungua kwanza faili la mtu mwingine lililohifadhiwa kwenye Manual, na Excel inafuata mtindo wa faili la kwanza kufunguliwa, kisha inautumia kwa mengine yote. Neno dogo Calculate lilikuwa pale chini kushoto muda wote na sikulisoma. Tumia Manual kwa dakika za kufanya mageuzi kama haya, ukimaliza irudishe.

Nikiulizwa ningelijengaje faili hili upya, nisingeweka shiti 24. Ningeweka orodha moja yenye safu za Tarehe, Duka, Bidhaa na Kiasi. Maduka 24 yenye mistari 5,000 kila moja ni mistari 120,000, na shiti moja ya Excel inachukua 1,048,576. Jina la duka linakuwa data ndani ya safu badala ya kuwa jina la kichupo, na swali la kugeuza maandishi kuwa anwani linaondoka lote. Muhtasari unakuwa PivotTable iliyotengenezwa kwa dakika mbili, au SUMIFS yenye sharti moja zaidi la duka. Mang'ula inakuwa neno kama maneno mengine, na hakuna anayejali ritifaa yake. Pia ile hatari ya mpaka wa 5001 inaondoka: hivi sasa duka likifikisha mistari 5,001 ya mauzo, wa mwisho hauhesabiwi na hakuna onyo. Orodha ukiifanya kuwa Table kwa Ctrl+T, inakua yenyewe kila unapoongeza mstari chini.

Pengine shiti zako ni 24 kwa sababu kila duka linakuletea faili lake na wewe unalibandika. Kama ni hivyo, usije ukashawishika kuacha kubandika na kuielekeza INDIRECT kwenye mafaili ya maduka moja kwa moja. INDIRECT inasoma faili jingine likiwa wazi tu. Likifungwa, unapata #REF! kila mahali, hata kama njia ya faili umeiandika bila kosa. Weka mafaili yote 24 kwenye folda moja, nenda Data, Get Data, From File, From Folder, na Power Query itayasoma yakiwa yamefungwa na kuyapanga yote chini kwa chini katika orodha ile moja. Mwezi ukiisha unabadilisha mafaili ndani ya folda na kubonyeza Refresh All. Sharti lake ni kwamba vichwa vya safu vifanane herufi kwa herufi kwenye mafaili yote, kwa hiyo watumie maduka kiolezo kimoja kabla hujaanza, na uwaombe wasibadilishe mstari wa kwanza.